Gunia, kokoto na miaka 60 ya michezo shuleni

Mwaka 2027 zitatimia miaka 60 tangu Tanzania ipate Sheria Na. 12 ya 1967 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Mwaka huohuo wa 1967, mwezi Machi, Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Mambo hayo mawili yalizaliwa pamoja, na mtu angetarajia yakue pamoja: shule inayofundisha watoto kushirikiana, na michezo ambayo watoto wa kila kijiji waliijua kabla hawajaijua shule. Haikuwa hivyo. Mdako, rede, bao na mbio za magunia vilibaki nje ya dirisha la darasa, huku mpira wa miguu na netiboli vikipewa ratiba, jezi na vikombe.

Historia yenyewe ni ndefu. Shule za Wajerumani zilileta kwata. Waingereza wakaja na mazoezi ya viungo ya kuhesabu moja-mbili-tatu, na siku ya michezo ya kila mwaka yenye riadha na vichekesho vyake. Tume ya Phelps-Stokes iliyopita Afrika Mashariki mwaka 1924 iliitaja burudani kuwa sehemu ya elimu ya Mwafrika, lakini viwanjani mambo yalibadilika kidogo tu. Baada ya uhuru, Desemba 1962, Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa bao. Ngoma zilipata nafasi yake. Michezo ya watoto haikupata msemaji.

Mbio za magunia zina hadithi ya pekee, kwa sababu haziwezi kutenganishwa na zao la mkonge. Mkonge uliingia mwaka 1893, Richard Hindorf alipoleta miche michache iliyonusurika safari ndefu kutoka Florida, ikapandwa upande wa Pangani. Miaka 70 baadaye Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na hakuna nchi iliyoipita. Moshi kukawa na kiwanda cha magunia. Kwa hiyo mtoto wa Tanga au Kilimanjaro aliyeingia ndani ya gunia siku ya sherehe alikuwa ndani ya kitu ambacho mama au baba yake alikitolea jasho shambani. Wapo wanaosema mchezo huu si wa jadi kwa kuwa ulikuja na wageni. Mimi naona jamii iliyoucheza kwa vizazi vitatu, kwa kitambaa cha mikono yake, ina haki nao.

Mengi ninayoandika hapa nimeyapata kwa mwalimu mmoja mstaafu wa michezo, aliyefundisha shule za msingi mkoani Tanga kwa miaka mingi na hakutaka jina lake litajwe. Nilipomuuliza kuhusu ushirikiano, hakuanza na falsafa. Alianza na ugomvi.

Ilikuwa mashindano ya shule za kata, miaka ya 1980. Mbio za magunia ziliwekwa mwishoni, kama kawaida, ili watu wacheke kabla ya kwenda nyumbani. Filimbi ikalia. Watoto wote wakaanza kuruka kwa miguu miwili, isipokuwa mvulana mmoja. Huyo alikuwa ameingiza vidole vya mguu wa kulia kwenye pembe moja ya chini ya gunia, na vya kushoto kwenye pembe ya pili, akalivuta gunia juu hadi likakazana kiunoni. Hakuruka hata mara moja. Alikimbia, hatua fupifupi za haraka, magoti yakipigana na katani, akawaacha wenzake mbali.

Walimu wa shule iliyoshika nafasi ya pili wakaingia uwanjani. Hoja yao ilikuwa kwamba mchezo huu ni wa kuruka, na aliyekimbia amedanganya. Walimu wa upande wa mshindi wakajibu kwamba kanuni ni moja tu, usitoke ndani ya gunia, na kijana hakutoka. Mgeni rasmi akaulizwa, akasema hajui. Mmoja akataka gunia lipimwe, akidai lilikuwa la kilo 100 na kwa hiyo pana kuliko mengine; likapimwa kwa kamba mbele ya watu, likaonekana sawa. Jua likazidi kushuka. Wazazi nao wakagawanyika, na kwa mujibu wa mwalimu wangu, kuna wawili waliokaa mwaka mzima bila kusalimiana.

Watoto walikuwa wameketi chini ya mwembe, wamechoka kusubiri. Hatimaye msichana mmoja wa darasa la sita akaja kusema wamekubaliana wenyewe: zikimbiwe mbio mbili, moja ya kuruka, nyingine ya vidole pembeni, na kila mmoja achague ya kwake. Wakakimbia. Yule mvulana hakushinda mbio za kuruka.

Mwalimu anasema kuanzia siku hiyo hakutangaza tena kanuni zote za mchezo kabla haujaanza. Aliacha moja au mbili wazi makusudi, akawaambia watoto wakikwama wakae wayamalize. Hapo ndipo palipo tofauti kati ya michezo hii na soka. Katika soka hukumu ni ya mwamuzi mwenye filimbi. Katika mdako hakuna mwamuzi. Wachezaji ndio wanaosema kama kokoto ilitikisika au haikutikisika, na wasipokubaliana mchezo unakufa.

Lakini gunia peke yake halifundishi ushirikiano. Mbio za kawaida ni za mtu mmoja mmoja, kila mtu na anguko lake. Na jinsi zinavyofundishwa sasa, pale zinapofundishwa, hazijengi hata mwili. Nimeona kipindi ambacho watoto kumi walipanga mstari nyuma ya gunia moja. Kila mmoja aliruka mara moja, kisha akasimama akisubiri zamu ambayo haikurudi. Dalili ya kipindi kibovu ni rahisi kuiona: kengele inalia na watoto bado wanapumua polepole.

Mwalimu wangu aliligawa darasa. Tuchukue watoto 64, idadi ambayo shule nyingi zinaifahamu, na kipindi cha dakika 40. Dakika tano za kupasha mwili. Kisha 32 wanakwenda kwenye magunia manane, wanne kwa kila gunia, na 32 wanakwenda kwenye mashimo manane ya mdako. Baada ya dakika 15 wanabadilishana, na dakika tano za mwisho ni za mazungumzo.

Kwenye gunia, wawili wanasimama upande huu na wawili upande wa pili, umbali wa mita 15. Anayeruka akifika anakabidhi gunia kwa anayemsubiri, naye analirudisha. Hakuna anayetembea bure, na zamu inarudi upesi. Siri ya mchezo iko kwenye makabidhiano. Mtoto asiye na mpango husimama kwa mguu mmoja akihangaika kutoa mwingine, anaanguka, mwenzake anamtazama. Kundi lililokwisha elewana hufanya hivi: anayefika anaketi chini na kuinua miguu, anayepokea anashika pembe mbili za chini na kulivuta gunia lote kwa mkupuo mmoja, anapanua mdomo wa gunia na kuingia kwa miguu yote miwili. Mwalimu alikuwa akiweka waruka hodari wote kundi moja kwa makusudi. Mara nyingi walishindwa na watoto wa kawaida waliojua kupokezana, na dakika tano za mwisho zilitosha kwao kueleza wenyewe kwa nini.

Kuna ya kuangalia. Kuruka kuwe kwa hatua fupi, magoti yakunjwe, kutua kwa sehemu ya mbele ya mguu na macho yatazame mbele. Anayetazama chini huanguka kifudifudi. Uwanja uwe wa majani au mchanga, kamwe si sakafu ya saruji. Magunia ya katani yamekuwa adimu, na viroba vya plastiki ambavyo watu huviita salfeti huteleza kwenye majani makavu, kwa hiyo umbali upunguzwe na watoto wavue viatu vyenye soli laini. Kiroba kilichobeba mbolea au dawa ya mimea kisitumike hata kikioshwa. Na jambo moja linanikera: shule zilezile zinazotaka watoto wapende mchezo huu bado zinawaadhibu kwa kuwarusha kichura. Mtoto aliyerushwa kichura asubuhi kwa kuchelewa hawezi kuona raha ya kuruka saa nne.

Mdako ni utulivu wa upande wa pili. Shimo ni dogo, la upana wa kiganja na kina cha vidole viwili, ndani yake kokoto kumi laini. Mchezaji anarusha kete juu, na kabla haijashuka anachota kokoto kutoka shimoni, kisha anaidaka. Anarusha tena na kurudisha zote isipokuwa moja, ambayo ni mali yake. Zikiisha anaanza kubakiza mbilimbili. Kete ikidondoka, au ikibaki idadi isiyo sahihi, zamu imehama. Kimila mtu mmoja hufanya yote. Mwalimu aliwafanya wawili kuwa mchezaji mmoja: mmoja anarusha na kudaka, mwingine anachota na kurudisha. Ghafla lazima wazungumze, kwa sababu anayechota kokoto nyingi anahitaji kete irushwe juu zaidi, na mrushaji hawezi kukisia. Mdako hauongezi pumzi, na asije mtu akadai hivyo. Unazoeza jicho, mkono na hesabu ya haraka, na unampa mtoto aliyechoka kuruka kazi ya kufanya badala ya kukaa.

Yaliyofuata baada ya miaka hiyo yanaelezeka upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalisimamishwa, ikielezwa kwamba yanakula muda wa masomo. Serikali ya awamu ya nne ikayarejesha. Yaliporudi, yalirudi na soka, netiboli, wavu, mpira wa mikono na riadha. Mtaala mpya umeweka somo la Sanaa na Michezo kwa shule za msingi, na hiyo ni nafasi nzuri. Wakati huohuo watumishi wa umma kwenye michezo ya SHIMIWI wanavuta kamba na kucheza bao, na mabonanza ya maofisini hayakosi mbio za magunia. Watu wazima wanaofanya hivyo walijifunza mtaani, utotoni, kwenye viwanja ambavyo vingi sasa vimejengwa.

Nilimuuliza mwalimu angehitaji nini kama angerudi darasani leo. Alitaja magunia manane, kipande cha ardhi cha mita 20 kwa 20 ambacho hakuna atakayekichukua kujenga fremu za maduka, na mwalimu mkuu asiyehamishia kipindi cha michezo kwenye hisabati mtihani unapokaribia. Hilo la tatu, alisema, ndilo lililomshinda kwa miaka yote aliyofundisha.