Biashara tatu za sarafu, hatari moja: Jinsi uwiano unavyoficha hasara

TANGU kanuni za biashara ya sarafu za kigeni kwa njia ya mtandao zilipotolewa humu nchini mwaka 2017, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, wafanyabiashara wa soko hilo wamezoea kanuni moja ya kujilinda: usihatarishe zaidi ya asilimia 2 ya mtaji wako katika biashara moja.

Kanuni hiyo ni njema, lakini ina pengo. Haisemi lolote kuhusu biashara tatu zilizofunguliwa kwa pamoja, ambazo kwa majina ni tatu ilhali kwa hakika ni moja.

Chukua mfano wa mfanyabiashara mwenye mtaji wa dola 2,000. Asilimia 2 ni dola 40. Siku ya Jumatatu ananunua EUR/USD, yaani euro dhidi ya dola ya Marekani. Jumanne ananunua GBP/USD, pauni ya Uingereza dhidi ya dola. Jumatano anauza USD/CHF, dola dhidi ya faranga ya Uswisi. Kila biashara ameiwekea oda ya kuifunga pindi hasara ifikapo dola 40. Anajiona ametawanya hatari katika nchi tatu.

Hebu tuzifumue biashara hizo. Anayenunua euro kwa dola ameuza dola. Anayenunua pauni kwa dola ameuza dola vilevile. Naye anayeuza dola dhidi ya faranga, bila shaka, ameuza dola. Kwa hiyo ameuza dola mara tatu, na lililobadilika ni sarafu aliyoipokea tu. Ni sawa na tajiri mwenye matatu tatu za rangi mbalimbali zinazohudumu barabara moja: barabara ikifungwa, zote husimama.

Barabara hiyo huweza kufungwa siku moja inayojulikana. Kwa kawaida, Ijumaa ya kwanza ya mwezi Marekani hutangaza takwimu za ajira, saa tisa na nusu alasiri au saa kumi na nusu kwa saa za Nairobi, kutegemea majira ya huko. Takwimu zikiwa nzuri kuliko ilivyotarajiwa, aghalabu dola hupanda dhidi ya sarafu hizo zote kwa mpigo. Oda zote tatu hufungwa kwa hasara, na mfanyabiashara wetu hupoteza dola 120, yaani asilimia 6 ya mtaji, kwa habari moja.

Kipimo cha jambo hili huitwa uwiano. Ni namba iliyo kati ya -1 na +1. Ikiwa +1, bei mbili huenda sambamba daima. Ikiwa -1, moja hupanda nyingine ishukapo. Ikiwa 0, hazifuatani. Bei ya USD/CHF kwa kawaida huwa na uwiano hasi na ile ya EUR/USD, kwa kuwa dola iko upande wa kwanza wa jozi moja na upande wa pili wa nyingine. Lakini anayeuza jozi yenye uwiano hasi huigeuza alama hiyo kuwa chanya. Hapo ndipo wengi hunaswa: huona ishara ya kutoa wakadhani wamejikinga, kumbe wameongeza mzigo.

Uwiano huo waweza kukokotolewa katika jedwali la kompyuta. Weka mabadiliko ya bei ya kila siku kwa asilimia, siku 60 hivi, jozi moja katika safu A na nyingine katika safu B, kisha andika:

```
=CORREL(A2:A61,B2:B61)
```

Ni sharti yawe mabadiliko ya bei, wala si bei zenyewe. Bei mbili zilizopanda polepole mwaka mzima kwa sababu tofauti zitaonyesha uwiano mkubwa usiokuwapo.

Tuseme sasa kila biashara kati ya zile tatu, kwa siku ya kawaida, hutikisika kwa dola 40. Kama hazina uwiano wowote, mtikisiko wa jumla si dola 120, bali ni takriban dola 69, kwa sababu siku nyingi moja hupata huku nyingine ikipoteza. Hiyo ndiyo faida halisi ya kutawanya hatari. Lakini ukishageuza alama ya ile iliyouzwa, na uwiano wa kila mbili ukawa 0.8, mtikisiko wa jumla hufika dola 112 hivi. Karibu faida yote ya kutawanya imetoweka. Anayetaka hatari yake ya jumla ibaki dola 40 hana budi kupunguza kila biashara hadi dola 14 hivi, au achague moja tu kati ya hizo tatu.

Hata hivyo, uwiano ni kumbukumbu ya siku zilizopita, si ahadi ya siku zijazo. Ushahidi wa hayo ulitoka Uswisi.

Mnamo Septemba 6, 2011, Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitakubali euro moja ishuke chini ya faranga 1.20. Kwa miaka iliyofuata, EUR/USD na USD/CHF zilikaribia uwiano wa -1. Mtu aliyenunua zote mbili kwa kiasi sawa aliona faida ya moja ikifidia hasara ya nyingine, akaamini hana hatari yoyote.

Lakini zifumue tena. Amenunua euro kwa dola, kisha akanunua dola kwa faranga. Dola zinafutana. Kinachobaki ni euro iliyonunuliwa kwa faranga, yaani dau kwamba benki hiyo haitabadili msimamo wake. Hatari haikuwa imeondoka. Ilikuwa imejificha mahali ambapo bei haikuwa ikisonga.

Januari 15, 2015, benki hiyo iliondoa kiwango hicho bila kutoa onyo. Kwa dakika chache euro ilishuka chini ya faranga 1. Siku hiyo EUR/USD ilishuka na USD/CHF ikaporomoka, hivyo aliyekuwa amenunua zote mbili alipoteza pande zote. Oda nyingi za kukomesha hasara zilitekelezwa kwa bei mbaya mno kuliko zilizoombwa, kwani wanunuzi hawakuwapo. Kampuni ya FXCM ya Marekani iliachiwa na wateja wake deni la takriban dola milioni 225, na Alpari ya Uingereza ikafilisika.

Kwa hivyo, kabla ya kufungua biashara nyingine, kipimo kimoja hakitoshi. Andika kila biashara kwa sarafu zake mbili, ile uliyonunua na ile uliyouza, kisha jumlisha sarafu moja moja. Ikiwa dola, au sarafu nyingine yoyote, inajitokeza mara tatu upande mmoja, hesabu zote tatu kuwa biashara moja. Ndipo utumie uwiano kupima ukubwa wake.

Mwisho, jumlisha hasara ya oda zote kana kwamba zimefungwa saa moja. Jumla hiyo ndiyo hatari uliyoibeba, na ikiwa huwezi kuistahimili, punguza biashara hizo kabla takwimu hazijatangazwa.