Nani Alifanya? Sentensi Moja Kuhusu Vita vya Maji Maji

Katika insha za wanafunzi wangu kuhusu Vita vya Maji Maji, hukutana mara kwa mara na sentensi ya namna hii: "Ukoloni ulileta kilimo cha pamba, dhuluma ikazaa ghadhabu, na vita vikasababisha njaa." Kisarufi haina kosa. Kihistoria, ni sentensi isiyo na mtu hata mmoja.

Kiswahili chenyewe kinatupatia kipimo. Tazama viambishi vya vitenzi: u-lileta, i-kazaa, vi-kasababisha. Hakuna a- wala wa- ya watu. Nomino dhahania zimekalia kiti cha mtenda, na msomaji haoni haja ya kuuliza, "Nani?"

Tuulize basi. Gavana Gustav Adolf von Götzen alianzisha mashamba ya pamba ya kijumuiya kuanzia mwaka 1902, na maakida na majumbe wakawalazimisha wanavijiji kuyalima kwa ujira mdogo mno. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba. Hapo "ghadhabu" imepata mikono.

Sehemu ya tatu ndiyo nzito zaidi. "Vita vilisababisha njaa" inatufanya tudhani kwamba njaa ilifuata vita kama vumbi linavyofuata gari. Lakini Kapteni Wangenheim alimshauri Götzen kwamba mapigano peke yake yasingewatiisha waasi. Njaa ndiyo ingewamaliza. Götzen aliufuata mwelekeo huo. Makamanda wake wakawatuma askari kuchoma vijiji na kupora au kuteketeza nafaka. Kumbe njaa haikuwa ajali ya vita tu: ilikuwa silaha. Kwa kubadilisha mtenda, tumebadilisha pia maelezo ya chanzo chake.

Njia hii ina mipaka miwili. Kwanza, jina liwekwe pale tu ushahidi unaporuhusu. Wengi wa askari waliochoma maghala hatuyajui majina yao. Tuandike "askari," nao bado ni watu. Pili, Götzen hakutenda peke yake. Tukimtwisha kila kitu, tutawaficha maakida, makamanda na wafanyabiashara waliotaka pamba. Neno "ukoloni" lina kazi yake halali ya kuutaja mfumo huo mzima, mradi lije baada ya watu kuonekana.

Hatari nyingine ni kauli ya kutendwa. Mwanafunzi akiondoa "vita vilisababisha" na kuandika "mashamba yalichomwa," amehama chumba, lakini hajatoka nyumbani. Mtenda bado amejificha.

Watumishi wa umma wanaoandika kwamba "changamoto zilichelewesha mradi" wataitambua sentensi hii. Mwandishi wa taarifa hiyo naye anadaiwa jibu la swali lile lile: nani alichelewesha, na kwa kufanya nini?