Barua ya LC1 (Kampala)

Uthibitisho wa makazi unaotolewa na mwenyekiti wa Baraza la Mtaa la ngazi ya kwanza, LC1, kwa matumizi kama kufungua akaunti benki. Mabaraza haya yalirithi yale ya Upinzani, RC, yaliyoenea baada ya 1986.

Kwa kuwa vichochoro vingi havina namba za nyumba, anwani hufuata ngazi za utawala: mpangaji wa Bwaise hutaja zoni yake, parokia ya Bwaise III (ya kiutawala, si ya kanisa) na divisheni ya Kawempe. Ombi la barua husema pia ameishi hapo tangu lini na nani mwenye nyumba, maana mwenyekiti asiyemjua mgeni humuuliza mwenye nyumba huyo. Barua bila muhuri hukataliwa.