Mguu Huru, Nanga Imara

Huko Kirua Vunjo nimewahi kuona ukingo wa mfongo uliozuiwa kwa mbao zilizosimamishwa wima. Mbao zilichomekwa kidogo tu ardhini, na vichwa vyake vikafungwa kwa kamba kwenye mti ulio juu ya mteremko. Aliyezisimika alikuwa ametumia kanuni ileile inayoshikilia magati ya bandari.

 Kwa kuta za namna hiyo, mwaka 1902 huko Bremen, Ujerumani, mhandisi Tryggve Larssen alibuni mabamba ya chuma yenye kingo zinazoshikana, yanayopigwa ardhini moja baada ya jingine hadi yawe ukuta. Ukuta ukiwa mrefu hufungwa karibu na kilele kwa fimbo za chuma zinazoshika nanga iliyozikwa nyuma yake.

Yapigwe kina gani? Njia ya mguu huru huchukulia kwamba ncha ya chini haijabanwa, inaweza kuzunguka. Kwa hiyo unasimama pale penye nanga na kupima: msukumo wa udongo wa nyuma unaotaka kuutoa mguu nje, dhidi ya ukinzani wa udongo wa mbele unaourudisha. Kina kinachosawazisha nguvu hizo za kuzungusha ndicho jibu.

Tuchukue ukuta wa mita 6 juu ya ardhi ya mbele, wenye mchanga mkavu wa kilonyutoni 18 kwa mita ya ujazo na pembe ya msuguano ya digrii 30. Nanga iko mita 1 chini ya kilele. Kwa mchanga huo, msukumo wa nyuma ni theluthi moja ya uzito wa udongo ulio juu, na ukinzani wa mbele ni mara tatu ya uzito wa udongo ulio juu upande huo. Ukijaribu kina cha mita 2, msukumo unashinda. Kwenye mita 2.3 ukuta unatulia. Hapo msukumo wote ni kilonyutoni 207 kwa kila mita ya ukuta, na ukinzani ni 143. Nanga inabeba 64 zilizobaki, yaani kama tani 6.5. Kwa tahadhari kina huongezwa kwa asilimia 30 hivi, kifike mita 3.

Mwaka 1952 Peter Rowe alionyesha kwamba bamba linalopindika hupunguza nguvu ya kulivunja ikilinganishwa na hesabu hii. Nanga haina nafuu hiyo, na ikizikwa karibu mno, ndani ya kabari ya udongo itakayoteleza pamoja na ukuta, haishiki kitu.

Dalili husomeka ardhini. Kilele kikiegemea nje na ufa ukafunguka nyuma sambamba na ukuta, nanga inalegea. Udongo wa mbele ukivimba, mguu ndio unaoondoka, mara nyingi baada ya mvua kujaza maji nyuma au mkondo kuchimba mbele. Ardhi yenye mawe makubwa ya mlima haipokei mabamba haya kabisa. Bamba hugonga jiwe likajikunja, na fundi hurudi kwenye ukuta wa mawe.