Metadata ya video ya ufugaji kuku

Metadata ya video ya ufugaji kuku ni maandishi yanayoandamana na video: kichwa, maelezo, sura na lebo. Mtafutaji huyasoma kabla hajabonyeza, na kwa hiyo ndiyo yanayobeba ahadi ya kwanza. YouTube hukubali kichwa cha herufi 100 na maelezo ya herufi 5,000, lakini mtazamaji huona mistari michache tu ya mwanzo mpaka afungue mingine.

Tuchukue video ya mfugaji mwenye mitetea 100 ya Kuroila. Kichwa kinachosema "Kuku 100, mayai ndani ya miezi 3" kina uongo, kwa kuwa mitetea hao huanza kutaga wakikaribia miezi 5 au zaidi. Bora kuandika "Kuroila 100: banda, gharama ya chakula na dalili za mdondo". Aina itajwe waziwazi. Wauzaji wengi huwaita chotara hawa kienyeji, na anayenunua kwa jina hilo akitarajia kutotolesha vifaranga wanaofanana na wazazi wao huambulia kundi la mchanganyiko.

Sehemu inayochakaa upesi ni bei. Kwa hiyo maelezo hutanguliza kiasi: mtetea anayetaga hula takriban gramu 120 kwa siku, kuku 100 hula kilo 12, na kwa siku 30 ni kilo 360, yaani mifuko 7 ya kilo 50 na kilo 10 juu. Bei ya mfuko hufuata, pamoja na mwezi, mwaka na mji uliponunuliwa. Chakula cha vifaranga tangu siku ya kwanza kama hakikuhesabiwa, maelezo yaseme hivyo. Katika gharama hiyo isiyohesabiwa ndipo faida nyingi za mitandaoni hupatikana.

Sura huandikwa ndani ya maelezo. Ya kwanza lazima ianze 00:00, ziwe angalau tatu, na kila moja idumu sekunde 10 au zaidi:

```
00:00 Kuroila ni kuku gani
01:40 Banda la mita 4 kwa 5
04:10 Chakula cha mwezi mmoja
07:30 Dalili za mdondo
```

Banda hilo lina mita za mraba 20, kuku 5 kwa kila moja, na kipimo hicho humfaa mtazamaji kuliko maneno "banda la kisasa".

Magonjwa ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi. Kuhara kijani, kupumua kwa shida na shingo kupinda huashiria mdondo, ila kinyesi cha kijani huonekana pia kwenye homa ya matumbo ya kuku. Kwa hiyo sura huitwa "dalili", na maelezo humwelekeza mfugaji kwa mtaalamu wa mifugo. Lebo "dawa ya mdondo" haifai kabisa: ugonjwa huo hauna tiba, una chanjo, nayo hutolewa kabla kuku hawajaugua.