Wiki na siku, miaka na miezi

Wiki na siku, miaka na miezi ni namna ya kuandika muda uliohesabiwa kwa siku au kwa miezi kwa kugawanya na kuhifadhi baki. Katika kliniki za mama na mtoto, Makutupora mkoani Dodoma kama kwingineko Tanzania, umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hivyo siku 200 zikigawanywa kwa 7 hutoa wiki 28 na siku 4. Kosa linalopotosha zaidi ni kusoma 28.57 ya kikokotoo kama wiki 28 na siku 5, ilhali desimali hiyo ni sehemu ya wiki nzima. Umri wa mtoto hugawanywa kwa 12: miezi 59 ni miaka 4 na miezi 11.