Dhahabu ya kukopa: Septemba 1999 na nusu ya mgodi wa Geita

Mwishoni mwa mwaka 2000 nusu ya mgodi wa Geita ilipata mwenyewe mpya. Kampuni ya Ashanti Goldfields ya Ghana iliiuzia AngloGold ya Afrika Kusini asilimia 50 ya mgodi huo kwa dola milioni 205. Mgodi wenyewe ulikuwa umeanza kutoa dhahabu mwaka uleule. Mtu hauzi nusu ya shamba wiki ya mavuno bila sababu, na sababu ya Ashanti haikuwa mwamba, mashine wala wachimbaji wa Geita. Ilianzia kwenye tangazo lililotolewa Washington Jumapili moja miezi kumi na minne kabla, na ikapita katika soko ambalo wengi hatulisikii kabisa: soko la kukopesha dhahabu.

Hapo Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha ya wafanyabiashara wa London. Wao husema dhahabu "inakodishwa", kana kwamba ni baiskeli. Sisi tunatofautisha kuazima na kukopa. Ukiazima sufuria kwa jirani, unarudisha sufuria ileile. Ukikopa kibaba cha unga, ule umekwisha kupikwa ugali. Utarudisha unga mwingine. Dhahabu ya London hukopwa kama unga. Anayeipokea huiuza siku hiyohiyo, na baada ya wiki chache huenda imeshakuwa bangili mkononi mwa bibi harusi wa Mumbai. Deni linabaki, mche uliokopwa haupo tena.

Wakopeshaji wakubwa ni benki kuu. Dhahabu iliyolala ghalani haizai kitu, tena kuilinda kuna gharama. Kwa hiyo katika miaka ya 1980 na 1990 benki kuu nyingi zilianza kuzikopesha benki za biashara ya dhahabu kwa mwezi mmoja, mitatu, au mwaka, zikilipwa riba ndogo. Katika miaka ya kawaida riba hiyo ilicheza kati ya asilimia 1 na 2 kwa mwaka. Hiyo ndiyo riba ya dhahabu. Hatari yake ilijulikana mapema: benki kuu ya Ureno ilikuwa imekopesha tani 17 kwa kampuni ya Marekani ya Drexel Burnham Lambert, na Drexel ikafilisika mwaka 1990. Hata hivyo biashara iliendelea kukua, na kufikia mwaka 1999 makadirio yaliyotajwa sana yaliweka madeni hayo karibu tani 5,000, yaani mara mbili ya dhahabu yote iliyokuwa ikichimbwa duniani kwa mwaka.

Nani alikuwa akikopa kiasi hicho? Wengi walikuwa wenye migodi, ingawa wao wenyewe hawakuugusa mche hata mmoja. Tuchukue mgodi unaotaka kujihakikishia leo bei ya wakia 100,000 utakazotoa mwaka ujao. Bei ya leo ni dola 270 kwa wakia. Benki inakopa wakia 100,000 kutoka benki kuu, ambazo ni kama miche 250 ya ghala la London. Inaziuza sokoni papo hapo na kupata dola milioni 27. Fedha hizo inaziweka mahali panapolipa riba ya dola, tuseme asilimia 5.5 kwa mwaka, na kwa benki kuu inalipa riba ya dhahabu, tuseme asilimia 1.5. Inabaki asilimia 4. Kwa hiyo benki inaweza kuuahidi mgodi dola 280.80 kwa wakia mwakani, badala ya 270. Siku ikifika mgodi unaleta dhahabu yake, benki inailipia kwa zile dola zilizozaa, na dhahabu inarudi kwa benki kuu.

Kwa mgodi hii ilionekana kama zawadi: unauza kabla ya kuchimba, na kwa bei iliyozidi ya sokoni. Lakini hesabu nzima inasimama juu ya ile asilimia 1.5. Ikipanda kuwa 9 huku riba ya dola ikibaki 5.5, zawadi inageuka: bei ya mwakani sasa iko chini ya bei ya leo, dola 260.55. Wafanyabiashara walikuwa wakiitazama tofauti hiyo kila asubuhi. Tangu mwaka 1989 chama cha soko la dhahabu la London kilitangaza kiwango kilichoitwa GOFO, ambacho ndicho ile asilimia 4 ya mfano wetu. Ukikitoa kwenye riba ya dola ya London, unapata riba ya dhahabu. GOFO ikishuka chini ya sifuri, maana yake mtu yuko tayari kulipa zaidi ili apate dhahabu leo kuliko kuahidiwa kesho. Kwa kitu kisichooza wala kuliwa na panya, hilo si jambo la kawaida.

Udhaifu mwingine ulikuwa kwenye muda. Benki ilimwahidi mwenye mgodi miaka mitano au kumi, lakini yenyewe ilikopa kwa miezi mitatu na kuomba iongezewe kila muda ulipoisha. Mradi mkopeshaji hajakataa, hakuna aliyeona shida. Pembeni walikuwapo pia walanguzi waliokopa dhahabu kwa asilimia 1, wakaiuza, wakanunua hati za serikali ya Marekani zilizolipa asilimia 5, wakaombea bei ya dhahabu isipande. Kwa muda mrefu dua yao ilipokelewa. Mei 1999 Uingereza ilitangaza kuuza zaidi ya nusu ya tani zake 715, na Julai 20 bei ikaanguka hadi dola 252.80, ya chini kuliko zote katika miaka ishirini.

Kisha ikaja Jumapili ya Septemba 26. Wakuu wa fedha wa dunia walikuwa Washington kwa mkutano wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na benki kuu 15 za Ulaya zikatoa tamko fupi. Zitauza dhahabu tani zisizozidi 400 kwa mwaka kwa miaka mitano. Na jambo la pili: hazitaongeza dhahabu zinayokopesha.

Tazama maneno hayo vizuri. Hawakusema wanadai dhahabu yao irudi, wala hawakusema wanaacha kukopesha. Walisema tu hawataongeza. Lakini katika soko ambalo kila mdaiwa anategemea kuongezewa muda, hilo lilitosha. Aliyekuwa amekopa na kuuza alijiuliza: mwezi ujao nitapata wapi? Akakimbilia kununua sokoni. Bei ilipoanza kupanda kwa sababu ya ununuzi wake, wa pili naye akaogopa. Waliokuwa na dhahabu ya kukopesha wakashika mikono kwanza, wangoje waone. Ghala zilikuwa na dhahabu tele kama zilivyokuwa Ijumaa. Iliyopungua ni dhahabu ambayo mwenyewe yuko tayari kuitoa. Bei ikatoka karibu dola 270 hadi kupita 325 kufikia Oktoba 5. Riba ya dhahabu ya mwezi mmoja ikaruka kupita asilimia 9, na GOFO ikazama chini ya sifuri.

Asilimia 9 inatisha ikisomwa haraka, lakini ni ya mwaka. Aliyekopa wakia 100,000 kwa mwezi mmoja alilipa wakia 750 badala ya 125. Inauma, haiui. Cha kutazama katika siku kama hizo ni umbo la riba. Riba ya mwezi mmoja ilipanda mno kuliko ya mwaka mmoja. Hiyo ndiyo alama ya dhiki ya muda mfupi: watu wanaamini dhahabu itapatikana mwakani, ila leo haiji mkononi. Kama dhahabu ingekuwa imeadimika kweli, riba za miezi yote zingepanda pamoja.

Kilichoiumiza Ashanti ni ile kinga yake ya bei. Ilikuwa imefunga mikataba ya wakia zaidi ya milioni 10, si mauzo ya mbele ya kawaida tu, bali pia ahadi za aina nyingine zilizozidi kuwa nzito kadiri bei ilivyopanda. Tena sehemu ya mikataba hiyo iliiacha riba ya dhahabu ielee, ipande na kushuka na soko. Kwa hiyo mwezi ule ilipigwa kwa fimbo mbili: bei ilipanda na riba ikapanda. Katikati ya mwaka mikataba yake ilihesabiwa kuwa na faida ya mamia ya mamilioni ya dola. Mwanzoni mwa Oktoba ilikuwa hasara ya karibu dola milioni 570. Benki zikataka iongeze dhamana ya fedha taslimu, kama dola milioni 270. Ashanti haikuwa nazo.

Kinachosikitisha ni kwamba kwa kampuni ya dhahabu bei kupanda ni habari njema. Mawe ya Obuasi, mgodi wake wa Ghana, na ya Geita yalikuwa yamepanda thamani wiki ileile. Lakini dhahabu iliyo ardhini huwezi kuipeleka benki Alhamisi jioni kuwa dhamana. Baada ya wiki za majadiliano benki zilikubali kusitisha madai ya dhamana, zikapewa haki ya kununua sehemu ya hisa. Mwaka uliofuata ndipo nusu ya Geita ikauzwa, na mwaka 2004 Ashanti yenyewe ikamezwa katika AngloGold Ashanti.

Dhiki ya soko ilikuwa imekwisha zamani. Oktoba hiyohiyo Kuwait ilitangaza kuweka tani zake 79 London zipate kukopeshwa. Mbele ya tani 5,000, ni tone. Lakini mkopeshaji mmoja kujitokeza kuliwakumbusha wengine kwamba riba ni nzuri, wakaanza kufungua milango, riba ikashuka na bei ikarudi chini ya dola 300.

Baadaye migodi ilinunua tena ahadi zake, riba ya dola ikakaribia sifuri, na biashara ya kukopa ikanywea. GOFO ilitangazwa mara ya mwisho Januari 2015. Tangu hapo riba ya dhahabu inabidi kuikokotoa kutoka bei za mikataba. Walioisahau walikumbushwa miaka kumi kamili baadaye. Januari 2025 wafanyabiashara waliogopa kwamba Marekani ingetoza dhahabu ushuru, wakaanza kuisafirisha kwa ndege kwenda New York. Riba ya mwezi mmoja London ikaruka tena. Safari hii chanzo hakikuwa tamko la benki kuu. Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa na miche kama 400,000 chini ya sakafu zake, na aliyetaka kutoa mche mmoja aliambiwa angoje wiki kadhaa, kwa sababu mikono na malori ya kuitoa havikutosha.